Mgao Wako Unategemea Wenzako Wamebeti Nini

Jumamosi ya tarehe 14 Januari 1995, bahati nasibu ya taifa ya Uingereza ilichezeshwa kwa mara ya tisa tangu ianzishwe. Jakpoti ilikuwa takriban pauni milioni 16. Namba zilizotoka ni 7, 17, 23, 32, 38 na 42. Unaweza kumwazia mtu aliyekaa mbele ya televisheni na tiketi yake mkononi, akizihakiki moja baada ya nyingine mpaka zote sita zikakubali. Huyo alilala tajiri. Kumbe nyumba nyingine 132 nazo zilikuwa zinapiga vigelegele usiku uleule. Washindi walikuwa 133, na walipogawana fedha hizo kila mmoja aliondoka na pauni 122,510.

Si fedha ya kudharau, lakini si milioni 16. Na hakuna aliyedhulumiwa. Mipira haikujali nani ameandika nini, kwa hiyo uwezekano wa namba hizo kutoka ulikuwa sawa na wa namba nyingine zozote sita. Kilichopunguza zawadi ni kwamba watu wengi waliupenda mpangilio uleule: namba zilizotawanyika vizuri kwenye karatasi, hazifuatani, hazikulundikana upande mmoja. Mshindi wa siku ile alikuwa na wapinzani wawili. Wa kwanza alikuwa bahati, akamshinda. Wa pili walikuwa wenzake walioandika kama yeye, na hao hakujua hata kama wapo.

Hapo ndipo zinapoachana njia mbili kuu za kubashiri. Ya kwanza ndiyo inayofahamika kila mtaa wa Dar es Salaam na Nairobi: unatengeneza mkeka, kila mechi ina odi yake, unalipa, na odi hiyo inabaki ileile mpaka kipenga cha mwisho. Hiyo ni bei maalumu. Ya pili ni ya mfuko wa pamoja: madau yote yanaingia mahali pamoja, mwenye mchezo anakata chake, na kinachobaki wanagawana waliopatia. Katika njia hiyo hakuna anayekuahidi kiasi. Ukilipia tiketi hujui ushindi wako utakuwa shilingi ngapi, na hata anayekuuzia tiketi hajui.

Tuanze na bei maalumu, maana ndiyo wengi tumeizoea ingawa si wengi walioifungua ndani. Tuseme Simba wanacheza na Yanga na kampuni imeweka odi 2.40 kwa Simba kushinda, 3.00 kwa sare na 2.80 kwa Yanga. Sasa jiulize: ungetaka kupata shilingi 100,000 matokeo yawe yoyote yale, ungelazimika kuweka kiasi gani? Kwa Simba ungeweka 41,667, kwa sare 33,333 na kwa Yanga 35,714. Jumla ni shilingi 110,714. Yaani ungelipa 110,714 ili upate 100,000 ya uhakika. Hiyo elfu kumi na kitu iliyozidi ndiyo faida ya kampuni, na imefichwa ndani ya odi zenyewe. Haiandikwi popote kwenye mkeka, lakini yeyote mwenye kikokotoo cha simu anaweza kuifukua: gawanya 1 kwa kila odi, jumlisha, kisha tazama umevuka 1 kwa kiasi gani. Hapa tumepata takriban 1.107.

Lakini faida hiyo ipo kwenye karatasi tu mpaka madau yaingie kwa uwiano ambao kampuni iliutegemea. Watu wakimiminika upande wa Yanga na Yanga akashinda, kampuni inalipa kutoka mfukoni mwake. Ndiyo sababu odi hupanda na kushuka wiki nzima kabla ya mechi: kampuni inajaribu kusogeza madau. Ila ikishakuuzia 2.80, hiyo 2.80 ni yako. Odi ikishuka hadi 2.10 jioni ya mechi, mkeka wako haushtuki.

Mfano mkubwa wa ahadi ya namna hiyo ni Leicester City. Mwezi Agosti 2015, kampuni za Uingereza ziliwapa odi ya 5,000 kwa 1 kuwa mabingwa wa Ligi Kuu, maana yake kila pauni moja ingezaa pauni 5,000. Msimu ukasonga na Leicester wakakataa kuanguka. Miezi ya mwisho, kila mtu alikuwa anawabetia kwa odi ndogo kabisa. Tarehe 2 Mei 2016, Chelsea na Tottenham walipotoka sare ya 2-2, ubingwa ulikuwa wa Leicester. Aliyeweka pauni 10 mwezi Agosti na kushikilia tiketi yake alikuwa anadai pauni 50,000, na umati uliojiunga baadaye haukumpunguzia hata senti. Lau fedha hizo zingekuwa kwenye mfuko wa pamoja, mjanja wa Agosti na mfuata mkumbo wa Aprili wangepata mgao uleule kwa kila pauni. Mfuko hauna kumbukumbu ya nani alitangulia.

Mfuko wenyewe ulizaliwa Paris katika miaka ya 1860, kwa mtu aliyeitwa Joseph Oller, ambaye baadaye, mwaka 1889, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa ukumbi wa burudani wa Moulin Rouge. Kwenye mashindano ya farasi ya wakati huo bei zilipangwa na wapokea madau waliosimama uwanjani. Wazo la Oller lilikuwa kuwaondoa hao katikati: wabashiri wabetiane wao kwa wao, na mwendeshaji achukue asilimia tu. Mwaka 1891 sheria ya Ufaransa iliwafungia njia wapokea madau hao na kuupa nafasi mfumo wa mfuko. Shida iliyobaki ilikuwa hesabu, maana kila tiketi inayouzwa inabadilisha mgao wa farasi wote. Mhandisi wa Australia, George Julius, ndiye aliyeimaliza. Alikuwa amebuni mashine ya kuhesabu kura, serikali ikaikataa, akaigeuza ihesabu madau. Ya kwanza ilifungwa uwanja wa Ellerslie, Auckland, mwaka 1913. Ukitazama vizuri, hakubadilisha kazi ya mashine sana: dau ni kura, na odi ya mfuko ni matokeo ya uchaguzi.

Afrika Mashariki mfumo huo una kwao, nao ni uwanja wa farasi wa Ngong, Nairobi, ambako umejulikana kwa jina la toti. Tuchukue mbio moja ya kubuni, farasi watano, tuzifuatilie fedha mpaka mwisho.

Dakika tano kabla ya mbio mfuko una shilingi 100,000. Radi, kipenzi cha watu, amewekewa 40,000. Tausi ana 25,000, Kimbunga 20,000, Mwewe 10,000, na Zumari, ambaye hata mmiliki wake hana imani naye, ana 5,000. Makato ya mwendeshaji tuseme ni asilimia 20, kwa hiyo za kugawana ni 80,000. Radi akishinda, hizo 80,000 zinagawiwa kwa tiketi za 40,000: kila shilingi inapata mbili. Tausi atalipa 3.20, Kimbunga 4, Mwewe 8 na Zumari 16. Namba hizo ndizo zinazoonyeshwa kwenye ubao. Wewe una jicho lako kwa Mwewe, unaona 8, unaweka shilingi 500 (hata hizo 500 nazo zinausogeza mfuko kidogo, lakini tuziache kwa sasa) na kichwani tayari una 4,000.

Dakika moja kabla ya malango kufunguliwa, mtu mmoja anaweka 20,000 kwa Mwewe huyohuyo. Mfuko sasa ni 120,000, za kugawana 96,000, na tiketi za Mwewe zimefika 30,000. Gawanya: 3.20. Mwewe anakimbia kama jina lake, anashinda, na wewe unalipwa shilingi 1,600. Ulikuwa sahihi kuhusu farasi, ulikuwa sahihi kabla ya yule mwenye elfu ishirini, na bado umelipwa kama yeye. Kama ungemkuta mpokea dau wa bei maalumu akakupa hata 7, pungufu ya ule ubao, ungeondoka na 3,500.

Haki itendeke lakini, kwa sababu mfuko hukata pande zote mbili. Elfu ishirini hizo zingeangukia Radi, Mwewe akashinda, tiketi za Mwewe zingebaki 10,000 na za kugawana zingekuwa 96,000. Mgao ungekuwa 9.60 na shilingi 500 zako zingezaa 4,800. Fedha ya mwingine kwa farasi wako inakupunguzia. Fedha yake kwa farasi mwingine inakuongezea. Kwa hiyo mbashiri wa mfuko akiwa na siri ya farasi huinyamazia mpaka dirisha lifungwe, wakati mwenziwe wa mkeka anaweza kuitangaza kijiwe kizima akishalipia.

Kuna jambo ambalo hata wazoefu hulisahau: fedha yako mwenyewe nayo ni fedha ya mtu mwingine. Turudi kwenye ubao wa mwanzo, ambapo Mwewe anaonyesha 8. Ukiweka 500 peke yako, na asiongezeke mtu, mgao unakuwa takriban 7.66, unalipwa kama 3,830. Ukiweka 5,000, tiketi za Mwewe zinakuwa 15,000, za kugawana 84,000, na mgao unashuka hadi 5.60. Unapata 28,000. Umeongeza dau mara kumi, malipo yameongezeka mara saba na ushei. Yule wa elfu ishirini alifanya vibaya zaidi: aliona 8, pengine akahesabu 160,000, akaondoka na 64,000. Aliushusha mgao wake mwenyewe. Ndiyo maana mfuko mdogo hauwafai watu wa madau makubwa. Dau kubwa linahitaji mfuko mkubwa kama wa Hong Kong au Ufaransa, ambamo dau la mtu mmoja halionekani. Kwa upande wa pili, toti haina sababu ya kumchukia mshindi. Kampuni ya bei maalumu ikigundua unashinda mara kwa mara inaweza kukuwekea kikomo cha dau, kwa sababu unakula fedha yake. Mwendeshaji wa mfuko analipwa asilimia ileile awe nani ameshinda.

Malalamiko makubwa kuhusu mfuko huja wakati farasi wako tayari mbioni na namba kwenye ubao bado zinabadilika. Mtu aliona 8 malango yakifunguliwa, farasi wakifika kona ubao unasema 5. Hapo neno wizi haliko mbali. Mara nyingi maelezo ni ya kawaida: madau yanatoka sehemu nyingi, mengine viwanja vya mbali na mengine mtandaoni, na yale ya sekunde za mwisho huchukua muda kukusanywa kwenye jumla moja. Dirisha limefungwa, hesabu haijafungwa. Siku hizi, hasa Marekani, kuna vikundi vinavyobeti kwa kompyuta. Vinasubiri mpaka sekunde za mwisho kabisa, ubao unapokaribia ukweli, kisha vinaweka fedha nyingi kwa mkupuo pale vinapoona mgao ni mkubwa kuliko unavyostahili. Ule mgao wa 8 uliouona ukivutia, kompyuta nayo iliuona.

Jipime mwenyewe badala ya kununa. Namba za ubao zinaweza kukuambia makato, kwa hesabu ileile ya Simba na Yanga. Kwa farasi wetu watano, 1 gawanya kwa 2, kwa 3.20, kwa 4, kwa 8 na kwa 16, ukijumlisha unapata 1.25. Gawanya 1 kwa 1.25, unapata 0.80: asilimia 80 inarudi kwa wabashiri, 20 imekatwa. Baada ya mbio, ukizidisha mgao uliotangazwa kwa jumla ya madau ya farasi aliyeshinda, upate kiasi kilekile cha kugawana. Ikipungua kidogo, tafuta desturi ya kukata senti: viwanja vingi hushusha mgao hadi sehemu kamili iliyo karibu, mathalani 3.28 ikalipwa 3.20, na vijisenti vinavyobaki si vya mshindi. Ikipungua sana, hapo ndipo pa kuuliza maswali.

Mfuko una ugonjwa mwingine, nadra lakini wa ajabu. Tuseme watu wote wanamwamini Radi, na kati ya 100,000 zilizomo, 90,000 ziko kwake. Ukikata asilimia 20 zinabaki 80,000 za kulipia tiketi za 90,000. Radi akishinda, kila aliyeweka 100 anarudishiwa 89. Ameshinda na amepata hasara! Kwa kuogopa kichekesho hicho, majimbo mengi ya Marekani huweka kiwango cha chini cha malipo, kwa kawaida dola 2.10 kwa tiketi ya dola 2, na upungufu anaufidia mwendeshaji. Ni moja ya nafasi chache ambapo mwenye mfuko anaweza kuumia.

Sasa utauliza mtu afanyeje mbele ya ubao kama huo. Swali la mwenye mkeka ni moja: je, bei hii ni nzuri? Mwenye mfuko ana la ziada: watu wamekosea wapi? Kujua kwamba Radi ndiye bora hakusaidii kitu, maana kila mtu anajua na mgao umeshalizingatia hilo. Na umati si mjinga. Tafiti za miaka mingi kwenye mbio za farasi zinaonyesha kuwa odi za mfuko hukaribia sana uwezekano halisi. Kosa ambalo limejirudia viwanja vingi ni kuwapenda mno farasi dhaifu, akina Zumari, kwa tamaa ya mgao mnono. Fedha inayowamiminikia inaushusha mgao wao chini ya unavyopaswa kuwa, na vipenzi wanabaki na unafuu kidogo. Ni unafuu tu, kwani kwa kawaida hautoshi kufuta makato ya asilimia kumi na kitu au ishirini. Ukiona mtu anajisifu kuwa anaishi kwa mfuko, ujue lazima awe anaushinda umati kwa zaidi ya makato hayo, mbio baada ya mbio.

Hata wasiowahi kumwona farasi wa mashindano wanaguswa na haya, kupitia jakpoti za mpira. Jakpoti kubwa za kampuni za Kenya, kama ile ya SportPesa yenye mechi 17, huonekana kama mkeka wa kawaida, lakini zawadi yake ni ya kugawana. Mwezi Mei 2017 mtu mmoja alipatia zote na kuchukua zaidi ya shilingi milioni 221 za Kenya. Alizichukua zote kwa sababu alikuwa peke yake. Kwenye jakpoti ya aina hiyo, kujaza timu kubwa tupu zishinde nyumbani kunakuweka kundi moja na maelfu waliojaza hivyohivyo. Wikendi ambayo vigogo wote watashinda ndiyo wikendi ambayo zawadi itakatwa vipande vingi. Mkeka wenye sare mbili tatu na ushindi wa ugenini una nafasi ndogo zaidi ya kupatia, ila ukipatia hugawani na wengi. Sheria za mchezo ndizo zitakazokuambia uko kwenye mfumo gani. Tafuta maneno kama "itagawanywa sawa kwa washindi". Kwenye mechi ya kawaida ya odi hutayakuta.

Wako waliowahi kuigeuza hesabu hii kuwa silaha. Tarehe 30 Juni 1964, katika uwanja wa mbwa wa mbio wa Dagenham, mashariki mwa London, kundi la watu lilijipanga mbele ya madirisha ya toti na kuyaziba. Ilikuwa dau la kutaja mbwa wa kwanza na wa pili kwa mpangilio. Wenye kundi walinunua tiketi za mbwa ambao hawakutarajia washinde, wakichelewesha makusudi, na wateja wa kawaida nyuma yao hawakupata nafasi ya kununua chochote. Mfuko ukajaa fedha za kushindwa, na tiketi za mbwa wenye nafasi zikawa hazipo. Wakati huohuo, nje ya uwanja, wenzao walikuwa wametapakaa kwenye maduka ya wapokea madau, ambayo kwa desturi yalilipa kwa mgao uliotangazwa na toti ya uwanja. Kule walibeti mpangilio walioutaka. Fedha ya madukani haikuingia kwenye mfuko, kwa hiyo haikuweza kuushusha mgao.

Mbio zilipokwisha, uwanja mzima ulikuwa na tiketi moja tu ya ushindi, ya shilingi 2 za Kiingereza. Mgao wake ulikuwa pauni 987, shilingi 11 na peni 9, karibu mara 9,875 ya dau, na maduka yaliyoahidi kulipa kama toti yakajikuta yanadaiwa kiwango hichohicho kwa kila shilingi waliyopokea.